Kupima maji ya tangi: bodi ya Linux au mikrokontrola?

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaoanza ni hili: ninunue Raspberry Pi au ESP32? Huwa nawarudishia swali: umeme utatoka wapi, na ukikatika ghafla itakuwaje? Kasi ya prosesa naiuliza mwisho, kama nitaiuliza kabisa.

Tuchukue tangi la maji lililo juu ya paa. Unataka kujua limebaki na maji kiasi gani, bila kupanda ngazi. Sensa ya mawimbi ya sauti inafungwa chini ya mfuniko, inatuma mlio, kisha inasubiri mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji. Huko juu hakuna soketi, kwa hiyo tunatumia seli moja ya betri ya lithiamu aina ya 18650, yenye volti 3.7 na miliampia-saa 3000 hivi.

Raspberry Pi ni kompyuta kamili inayoendesha Linux. Hata ile ndogo, Zero 2 W, hula karibu nusu wati au zaidi ikiwa imewaka tu bila kazi. Kwa siku nzima hiyo ni wati-saa 12, na seli yetu ina kama 11. Kesho yake imezimika.

ESP32 ni mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha programu yako bila Linux, nayo inaweza kulala. Inaamka, inapima, inatuma kipimo kwa waifai, inalala tena:

```
esp_sleep_enable_timer_wakeup(900ULL * 1000000ULL);
esp_deep_sleep_start();
```

Hizo ni sekunde 900, yaani dakika 15. Tuseme kila ikiamka inakaa macho sekunde 5 na kula wastani wa miliampia 100. Inaamka mara 96 kwa siku, na hesabu inatoa miliampia-saa 13 na kidogo. Ikiwa imelala, chipu hula kama maikroampia 10 tu, kiasi ambacho hakibadilishi hesabu. Kwenye karatasi seli inafikisha miezi saba.

Kwenye karatasi, nasema, kwa sababu bodi si chipu peke yake. Bodi nyingi za kujifunzia zina taa isiyozimika, kisehemu cha kushusha volti na chipu ya USB, na vyote vinaendelea kunywa umeme wakati mwenzao amelala. Vikila miliampia 5 tu, unaongeza miliampia-saa 120 kwa siku, na ile miezi saba inageuka wiki tatu. Kwa hiyo pitisha waya wa betri kwenye mita, subiri bodi ilale, usome. Ukiona miliampia badala ya maikroampia, usihangaike na programu. Tatizo liko kwenye bodi, au kwenye sensa ambayo hukuikatia umeme kabla ya kulala.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitarajii: muda. Sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, na hapa inaenda na kurudi, kwa hiyo kosa la milisekunde moja katika kupima mwangwi ni kosa la sentimita 17 za maji. Linux ina mambo mengi ya kufanya kwa wakati mmoja na inaweza kuisimamisha programu yako kidogo ili kuhudumia nyingine. Dalili yake ni vipimo vinavyorukaruka ilhali maji yametulia. Mikrokontrola haina msongamano huo, na kazi ya kuhesabu muda inaweza kuachiwa saa iliyomo ndani ya chipu.

Je, Raspberry Pi haina kazi hapa? Inayo, lakini chini, karibu na soketi. Ndiyo inayopokea vipimo kupitia MQTT, njia nyepesi ya vifaa kutumiana ujumbe, inaweka kumbukumbu ya miezi na kuchora grafu unayoifungua kwenye simu. Ukitaka kamera, ni yake pia. Udhaifu wake ni kukatika kwa umeme: ikikatwa katikati ya kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu, mafaili yanaweza kuharibika na isiwake tena. ESP32 umeme ukirudi inaanza kazi mara moja. Kama Pi yako inajizimazima bila sababu, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu `0x0` ni zuri. `0x50000` maana yake volti ilishuka na kasi ikapunguzwa tangu iwashwe, basi tafuta chaja na waya vyenye nguvu.

Na ukiongeza pampu, mpe mikrokontrola nyingine, yenye umeme wa kudumu, uamuzi wa kuizima, pamoja na swichi ya boya ndani ya tangi na kikomo cha muda wa kukimbia. Pi itume ombi la kuwasha tu. Waifai ikipotea pampu ikiwa inafanya kazi, kuizima kusitegemee ujumbe ambao hautafika.