Je, wajua? Safu iliyojaa kadi huenda siyo inayochelewesha kazi

"Tunashona sare za shule hapa Kibuye, Kisumu. Kwenye ubao wetu wa kanban, ule wa kufuatilia kazi kwa kadi, safu ya kushona ndiyo imejaa kadi, kwa hiyo tukaongeza fundi wa kushona. Mbona oda bado zinachelewa vilevile?"

Kwa sababu nyingi kati ya kadi hizo hazisubiri kushonwa. Nguo zake zilishashonwa kitambo, na sasa zinangoja mashine ya matundu ya vifungo. Zimebaki kwenye safu ya kushona kwa kuwa ubao haukuziwekea mahali pengine: fundi amemalizana nazo, lakini hatua inayofuata haijazipokea.

Ukiutazama ubao kama orodha ya kazi, utaona wingi tu. Utazame kama mchoro wa mtiririko. Kila safu ni hatua, na kila kadi ni bunda la nguo linalosafiri kutoka kushoto kwenda kulia: kukata, kushona, vifungo, pasi, kisha kwa mteja. Wakulima wa mpunga kule Ahero wanaijua tabia hii. Lango la mfereji likibana, maji hutuama nyuma yake na mbele yake mfereji hukauka. Hakuna anayekwenda kupanua mfereji pale maji yalipojaa. Watu hulifuata lango lenyewe.

Tuweke hesabu za mfano. Mafundi wa kushona wanamaliza mabunda 6 kwa siku, na mkataji anawakatia 6 ili wasikose kazi. Dada wa vifungo anamaliza 4. Wa pasi anaweza 10. Hapo karakana nzima inatoa mabunda 4 kwa siku, hata kila mtu atoke jasho namna gani, na kila jioni mabunda 2 yaliyoshonwa yanabaki nyuma ya mashine ya matundu. Baada ya wiki mbili za siku sita sita, yamefika 24. Sasa mumwajiri fundi mwingine, kushona kupande hadi 8, na mkataji awakatie 8. Rundo linaanza kukua kwa mabunda 4 kila siku badala ya 2. Mshahara umeongezeka, na mteja bado anapata yaleyale 4.

Dawa ya kwanza ni chaki tu. Igawe safu ya kushona mara mbili kwa mstari wima: upande mmoja "inashonwa", upande wa pili "imeshonwa". Fanya hivyo pia kwa kukata na kwa vifungo. Siku hiyohiyo zile kadi 24 zitahamia upande wa "imeshonwa", na lawama itawatoka mafundi. Rundo la kazi iliyokwisha huelekeza kidole kwenye hatua iliyo kulia kwake.

Lakini rundo peke yake halitoshi kuhukumu. Hatua inayobana mkondo hutambulika kwa dalili tatu zikiwa pamoja: kushoto kwake kazi iliyokwisha inazidi kurundikana, yenyewe haipumui mchana kutwa, na kulia kwake watu wana njaa ya kazi. Mkiona wa pasi amezima umeme saa tano asubuhi kwa kukosa nguo, ilhali mashine ya matundu inalia tangu mlango ufunguliwe, basi mmeipata. Na msiangalie siku moja tu. Kila jioni saa ileile hesabuni kadi za kila safu, mziandike kwenye daftari. Rundo linalopanda na kushuka ni mawimbi ya kawaida. Linalopanda siku baada ya siku ndilo lenye habari.

Dawa ya pili ndiyo yenye uchungu: ukomo wa kazi zilizoanzwa. Juu ya kila safu andikeni idadi ya kadi isiyovukwa, tuseme kukata 2, kushona 5, vifungo 3, pasi 2. Idadi hiyo inahesabu pande zote mbili za safu. Wengi huuacha nje upande wa "imeshonwa", na rundo hujificha hukohuko. Safu ikijaa, hakuna kuingiza kadi nyingine mpaka moja itoke kwa kuvutwa na hatua inayofuata. Hivyo ndivyo Taiichi Ohno alivyoupanga utaratibu wa kadi katika viwanda vya Toyota: wa mbele ndiye anayeomba, na wa nyuma anatengeneza kile tu kilichoombwa.

Matokeo yake ni kwamba mafundi wa kushona watajikuta mikono mitupu. Hapo mwenye karakana hushikwa na kishawishi cha kuwaambia waanze bunda jingine "wasikae bure". Asifanye hivyo. Mikono hiyo ndiyo mtaji wa kulegeza lango. Dada wa vifungo hatoboi matundu tu. Anashonea vifungo kwa mkono na kukata nyuzi zinazoning'inia, na kazi hizo mbili hazihitaji mashine yake. Mafundi wakizichukua, yeye akabaki na matundu pekee, huenda akatoka 4 akafika 6, bila kununua chochote.

Hata kabla ya hapo, ukomo wenyewe umeshafupisha safari ya kila bunda. Mwaka 1961 John Little alitoa uthibitisho wa kihesabu wa kanuni hii: kwa wastani, muda wa kazi kukaa ndani ni sawa na idadi ya kazi zilizomo ukigawa kwa zinazotoka kila siku. Ubao wenye kadi 36 unaotoa 4 kwa siku unamaanisha siku 9. Wenye kadi 12 na kasi ileile unamaanisha siku 3. Kanuni hii inafaa pale zinazoingia na zinazotoka zinakaribiana. Rundo likiwa bado linakua, hesabu itawadanganya.

Tusifichane pia: oda mliyoikataza kuingia bado inasubiri, ila sasa inasubiri kama kitambaa kizima kwenye rafu. Mzazi akibadilisha saizi, hakuna kilichopotea. Shule ikileta oda ya haraka, mnaiweka mbele ya foleni, nayo inapita kwa siku 3 badala ya kuzama chini ya mabunda 24.

Namba za ukomo zenyewe hazitoki kwenye kitabu. Anzeni karibu na hali mliyonayo, kisha punguzeni moja moja. Mkiona mashine ya matundu imekaa kimya ikingoja nguo, mmebana kupita kiasi, kwa sababu saa moja inayopotea pale imepotea kwa karakana nzima. Nyuma ya mashine hiyo pasikose bunda moja au mawili tayari. Upande wa pili, ukomo ambao haujawahi kuguswa ni mapambo.

Kuna rundo moja la kuwekwa kando kabla ya kulaumu hatua yoyote. Kadi zinazongoja kitu cha nje, kama vifungo vya rangi ya shule ambavyo havijafika, zitieni alama nyekundu, ila zibaki kwenye hesabu ya ukomo. Zikijaza safu, tatizo liko kwa anayewaletea bidhaa, na kumsaidia dada wa vifungo hakutabadilisha kitu.

Vifungo vikifika 6 kwa siku, endeleeni na daftari la jioni. Lango likilegea zaidi, "imeshonwa" itaanza kubaki tupu na nguo zilizokatwa zitalala kwenye meza ya mkataji. Hapo ndipo fundi mliyemwajiri mapema atakuwa na kazi ya kufanya.