Kutawanya mtaji na uwiano: kwa nini vitega uchumi vingi havipunguzi hatari siku zote

Mtu wa Masasi, kusini mwa Tanzania, ana shamba la mikorosho, duka la vifaa vya ujenzi, bodaboda mbili alizowakabidhi vijana kwa hesabu ya kila siku, na vyumba vya kupangisha. Majirani watasema ametawanya mtaji wake vizuri. Mimi nasema bado, na msimu wa korosho wa 2018/19 unaonyesha sababu.

Oktoba 2018 wakulima waliikataa bei ya wanunuzi mnadani. Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuisomba. Kisha ukaja uhakiki wa kutenganisha wakulima na wafanyabiashara wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi, na malipo ya wengi yakachelewa hadi 2019. Sasa mfuate mtu wetu. Korosho yake iko ghalani, hela hajaiona. Dukani bati na saruji hazitoki, kwa sababu watu hapa hujenga wakishalipwa korosho, na waliokopa wanaomba wasubiriwe. Abiria wa bodaboda wanatembea kwa miguu. Wapangaji, nao wanaishi kwa mzunguko uleule wa pesa, wanachelewesha kodi. Vitega uchumi vinne vimeyumba mwezi mmoja, kwa sababu moja.

Kiasi ambacho vitu viwili hupanda na kushuka pamoja ndicho kinachoitwa uwiano. Hupimwa kwa namba kuanzia -1 hadi +1. Ikiwa +1, vinakwenda sambamba kabisa. Ikiwa 0, mwendo wa kimoja haukuambii lolote kuhusu kingine. Ikiwa -1, kimoja kikishuka kingine kinapanda. Harry Markowitz alionyesha mwaka 1952 kwamba hatari ya mtaji uliotawanywa haitegemei tu kila kitega uchumi kinayumba kiasi gani peke yake. Inategemea pia jinsi vinavyoyumba pamoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kila kimoja kati ya vile vinne kinaingiza wastani wa shilingi 2,000,000 kwa mwaka, na kwa kawaida kinapanda au kushuka kwa 600,000 hivi, yaani asilimia 30. Jumla ni milioni 8. Uwiano kati yao ukiwa 0, jumla hiyo itayumba kwa 1,200,000 tu, asilimia 15, maana duka likilegea pengine bodaboda zinafanya vizuri. Lakini uwiano ukiwa 0.8, jambo ambalo silioni geni katika mji unaoishi kwa korosho, jumla inayumba kwa takriban 2,210,000. Hiyo ni karibu asilimia 28. Vitu vinne, na hatari imeshuka kidogo mno.

Aongeze basi mashine ya kusaga, saluni, shamba la pili Newala, mpaka afikishe biashara 20 huku milioni 8 zikiwa zilezile na uwiano ukibaki 0.8. Kuyumba kunashuka hadi 2,160,000. Biashara 16 zaidi, usumbufu wote wa kuzisimamia, na faida yake ni shilingi 50,000 hivi. Hata akifungua mia hawezi kushuka chini ya 2,140,000, kwa kuwa sehemu inayotokana na korosho inabaki ndani ya kila moja. Ila angebaki na vile vinne vya kwanza kwa nusu ya mapato, na nusu nyingine ikatoka kwenye kitu kimoja tu kisichohusiana na korosho, chenye kuyumba kwa asilimia 30 vilevile, jumla ingeyumba kwa 1,600,000 hivi.

Kigumu ni kukitambua kitu hicho, kwa sababu mazao tofauti yanaweza kuwa na mnunuzi mmoja. Wapo wanaopanda mbaazi ili wasitegemee korosho pekee. Shambani ni sawa: ubwiri unga unaoshambulia maua ya mkorosho hauigusi mbaazi. Sokoni ni habari nyingine. Mbaazi zetu huenda zaidi India, na India ni mnunuzi mkubwa wa korosho ghafi pia. India ilipoweka ukomo wa kuagiza mbaazi mwaka 2017, bei huku iliporomoka bila mvua wala ugonjwa kuhusika.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza kitu kipya, fungua daftari la mapato na uangalie misimu mibaya pekee. Wastani wa miaka yote hudanganya hapa, maana katika miaka mizuri duka na vyumba vinaweza kuonekana vina mwendo wake, kisha pesa ikikauka mji mzima vyote vikashuka pamoja. Andika ni vipi vilishuka msimu ule ule. Halafu jiulize kwa kila kimoja: anayenilipa, pesa yake inatoka wapi? Jibu likirudi kwenye mnada uleule mara tatu kati ya nne, una kitega uchumi kimoja na ziada kidogo.