Kuziba vipara vya nyasi kwenye picha

Katika uhariri wa picha za nyumba na bustani, kuziba vipara ni kuondoa udongo mtupu au nyasi zilizokauka na kuweka nyasi za kijani mahali pake, ili anayetazama asijue kwamba pameguswa. Rangi ndiyo sehemu rahisi. Kinachomfichua mhariri ni ukubwa wa majani na upande yanakoinamia.

Tazama picha yoyote ya uwanja wa nyasi. Chini kabisa ya picha, karibu na kamera, unaweza kuona kila jani peke yake na kivuli chake. Ukipandisha macho kidogo majani yanakuwa madogo na kusongamana, na mbali kabisa hakuna jani linaloonekana, ni rangi tu yenye chembechembe. Ukichukua nyasi za karibu ukazibandika mbali, zitaonekana kama vichaka. Ukichukua za mbali ukazileta karibu, utapata doa lenye ukungu.

Kwenye ardhi tambarare, kupungua huko kuna hesabu yake, na si ngumu. Kwanza tafuta mstari wa upeo, yaani kimo cha jicho la kamera. Chukua kingo mbili za njia iliyonyooka, zirefushe kwa mistari mpaka zikutane, kisha pitisha mstari wa mlalo kwenye makutano hayo. Ukubwa wa jani hulingana na umbali wake kutoka kwenye mstari huo kwenda chini. Tuseme picha ina kimo cha pikseli 4000, na upeo uko kwenye pikseli ya 1600 kutoka juu. Kipara kiko kwenye 2800, yaani 1200 chini ya upeo. Nyasi nzuri ziko kwenye 3400, yaani 1800 chini yake. Gawa 1200 kwa 1800: nyasi hizo zipunguzwe hadi asilimia 67 kabla ya kubandikwa. Kwenye Photoshop, namba hiyo huandikwa katika W na H za paneli ya Clone Source, kisha unapaka kwa Clone Stamp.

Mimi lakini hesabu hiyo naiweka akiba. Kabla ya kuihitaji, tazama kama kuna nyasi nzuri kulia au kushoto kwa kipara, kwenye kimo kilekile. Nyasi zilizo mstari mmoja wa mlalo zina ukubwa uleule, ukali uleule wa picha, na kwa kawaida mwanga uleule. Kwenda kando hakugharimu kitu. Kupanda au kushuka ndiko kunakodai hesabu. Kama kipara ni kirefu kwenda mbali, kizibe kwa vipande vyembamba vya mlalo, kila kimoja kikitoka ubavuni mwake.

Sasa uelekeo. Mashine ya kukatia nyasi yenye rola hulaza majani kule inakokwenda. Yaliyolala kuelekea mbali na kamera huonekana meupe zaidi kwa sababu ubapa wa jani unarudisha mwanga. Yaliyolala kuelekea kwako huonekana meusi zaidi. Ndiyo maana uwanja uliokatwa huwa na milia, na milia inayokwenda mbali hukaribiana kama zilivyo kingo za njia. Kwa hiyo kipande cha mlia mweupe hakiendi kwenye mlia mweusi, hata kama viko kimo kimoja, na mlia uliohamishwa kando lazima uzungushwe kidogo uelekee makutano yaleyale. Tena usigeuze kipande kulia kushoto ili kuficha marudio. Vivuli vya majani vitageuka pia, na bustani itakuwa na majua mawili.

Picha ya nyasi iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja ni mtego mwingine. Hata ukiilaza kwa Vanishing Point, inabaki bapa kama zulia, kwa sababu haikuonyesha ubavu wa jani hata mara moja. Tafuta iliyopigwa kwa kimo na pembe inayokaribiana na ya picha yako.

Fanya kazi kwenye leya mpya, na kingo za kipande uzifiche kwa maski yenye brashi iliyochongoka kama nyasi, si brashi laini ya duara, inayoacha utepe wa ukungu. Ukimaliza, punguza mwonekano wa picha kwenye skrini hadi asilimia 25. Marudio hujitokeza hapo: jani kavu lilelile mara tatu, au ua dogo lenye pacha. Acha pia umanjano kidogo hapa na pale, kwani uwanja wa rangi moja tupu hauaminiki.

Kwenye mteremko, upeo wa kamera haufai tena kwa hesabu hii. Mistari inayolala juu ya mteremko hukutana juu au chini ya upeo huo, na vipimo vyote huanzia kwenye makutano yao.