Kishindo hakisikiki? Usikimbilie kuongeza sauti

Wiki iliyopita nimeambiwa tena: "Mwanangu, jina langu likitokea pale sisikii kitu. Ongeza sauti." Aliyesema ni mama anayeuza dagaa Kibirizi, niliyemtengenezea tangazo la sekunde 20. Kabla yake niliambiwa hivyo na bwana harusi wa Ujiji, na kabla ya huyo na kijana anayejifunza kuhariri kwangu. Kwa wateja naelewa. Kwa mhariri inaniumiza, maana ndipo kazi inapoharibikia.

Dhana: kishindo, ule mlio mzito unaopiga jina linapotokea kwenye video, kikiwa dhaifu, kiongezewe sauti.

Kwanza nafasi yenyewe haipo. Sauti ya dijitali ina dari, desibeli 0. Kishindo cha mama kilikuwa tayari kimefika -1. Yule kijana aliongeza 6, limita inayozuia sauti isivuke dari ikakibana kikarudi palepale, na muziki ukadidimia pamoja nacho. Ukitaka kulitambua kosa hili, tazama wimbi: kilele kimekatwa bapa kama kimepigwa msumeno. Kwa masikio, kishindo kinakuwa "pha" badala ya "du".

Tatizo halisi lilikuwa mambo mawili. Kishindo kilikuwa ngurumo tupu ya hezi 50 hivi. Kwenye spika zangu kilitikisa meza, lakini mama anatazama kwenye simu, na spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200. Kwake pale palikuwa kimya kabisa. Pili, mlio wa kupanda, ule unaokua taratibu kukiandaa kishindo, ulikuwa umeng'ang'ania hadi kwenye jina lenyewe, na muziki juu yake. Sikio lililokwisha kujaa halishtuki.

Nikaanza na kimya. Video ni ya fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni milisekunde 40. Nilikata muziki na mlio wa kupanda fremu 5 kabla ya jina, nikaacha maji ya ziwa tu yakisikika kwa mbali. Hiyo ni moja ya tano ya sekunde. Huwezi kuihesabu, ila mwili unaisikia.

Kisha nikajenga kishindo kwa matabaka matatu. La kwanza ni mwiko uliopigwa juu ya ubao, mlio mfupi na mkali unaoliambia sikio "sasa". La pili ni ngumi kwenye mlango wa bati, nikaushusha oktavu moja upate kifua. La tatu ni ile ngurumo ya zamani, safari hii nikiichafua kwa saturesheni kidogo. Ukichafua hezi 50 unazaa 100, 150, 200, 250 na kuendelea. Simu inatoa hizo za juu, na ubongo unajijazia wenyewe ile ya chini isiyokuwepo.

Hapo kuna mtego. Nilipowasha mlango na ngurumo pamoja, kishindo kikawa chembamba kuliko kila kimoja peke yake. Ukisikia hivyo, jua wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, yanafutana. Nilisogeza mianzo yote mitatu ikae mstari mmoja, nikaligeuza wimbi la ngurumo juu chini, kifua kikarudi.

Kilele cha mwisho kilikuwa desibeli 3 chini ya kile cha awali. Nilimpa mama simu yake mwenyewe, akashtuka, akasema, "Sasa umeongeza." Nilikuwa nimepunguza.

Dhana: fyuu, ule mlio wa kitu kinachopita kwa kasi, inaanza pale picha inapokatwa. Hapana. Kilele chake ndicho kinachokaa kwenye mkato. Fyuu ya fremu 12 yenye kilele kwenye fremu ya 8 inaanza kabla picha haijabadilika. Ukiianzisha kwenye mkato, sauti inafika mgeni akishaketi.

Dhana: kila mpito unataka fyuu. Picha ikisogea kwa kasi, sawa. Picha ikififia polepole, iache.

Dhana: milio mizuri ni ya kupakua tu. Piga mfuniko wa sufuria, uurekodi ukilia mpaka ufe, kisha bonyeza `Reverse` kwenye programu ya kuhariri, sauti igeuke kinyumenyume. Tayari una mlio wa kupanda unaokatika ghafla mwishoni, na hauko kwenye video ya mtu mwingine yeyote. Fyuu naitengeneza kwa khanga iliyokunjwa mara mbili, naipunga kwa nguvu umbali wa mkono mmoja. Ipite mbele ya maiki, isielekee kwenye maiki, la sivyo upepo utaipiga maiki moja kwa moja na utarekodi mtutumo tu. Irekodi usiku, bodaboda zikishapungua.