DNS ya pili kwenye lab ya domeni

"Si ukiweka 8.8.8.8 kama DNS ya pili kwenye klayenti, ikikosa jina kwa seva itauliza huko, na intaneti pia itashika?"

Wengi tunaojifunza neti hapa Kisumu tumefunzwa hivyo, na inaeleweka, juu intaneti kweli inashika. Shida ni kwamba Windows haiendi kwa DNS ya pili eti ya kwanza imesema jina halipo, hilo tayari ni jibu, inaenda kama ya kwanza imenyamaza.

Sasa chukua lab ya domeni lab.test, seva dc1 iko 192.168.50.10 na klayenti ni .21 na .22. Umewasha zote tatu pamoja kwa laptop ya RAM ya 8GB, seva bado inajikokota kuamka, .21 inauliza, haijibiwi, inarukia 8.8.8.8 ambayo haijui lab.test kabisa. Inaambiwa jina halipo na inaamini. Ping kwa seva baadaye inapita vizuri tu lakini kujoini inakataa, na .22 uliyoiwasha ukiwa umerudi na chai inajoini bila maneno.

Jicheki mwenyewe kwenye klayenti:

```
ipconfig /flushdns
nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.lab.test
```

Ukiona dc1.lab.test na port 389, seva inajibu sawa. Kwa klayenti zote mbili acha DNS moja tu, 192.168.50.10, halafu hiyo 8.8.8.8 uipeleke kwa seva yenyewe, ndani ya DNS Manager pale Forwarders, bora tu seva iwe na njia ya kutoka nje.