Vikapu vilivyoachwa: meseji yako imeleta oda ngapi?

Kazi yangu ni kuwafuata wateja wa maduka ya mtandaoni waliojaza kikapu, wakaacha namba ya simu, kisha wakaondoka bila kulipa. Kwa duka la Kenya linalopokea M-Pesa, kabla sijaandika meseji yoyote naangalia `ResultCode`, yaani namba ya jibu la ombi la malipo lililotumwa kwenye simu ya mteja. Ikiwa ni 1, salio halikutosha. Ikiwa ni 1032, ombi lilikatishwa na mteja. Ikiwa ni 1037, simu haikupatikana au mtu hakuwahi kuweka PIN. Huyu wa mwisho alikuwa tayari kulipa, kwa hiyo namtumia kiungo cha malipo ndani ya dakika chache. Aliyepungukiwa salio namsubiri hadi kesho yake. Aliyekatisha namuuliza kilichomkwaza, maana mara nyingi ni gharama ya kufikishiwa mzigo.

Sekunde chache kabla ya meseji kutoka, mfumo lazima uangalie tena kama oda imelipwa. Duka moja tuliruka hatua hiyo. Mteja aliyekwisha kulipa akapata meseji ya "bado hujalipa", akaingiwa na wasiwasi, akalipa tena. Tulimrudishia pesa, lakini nilijisikia vibaya sana.

Sasa hesabu, ambapo watu wengi wanajidanganya. Wanahesabu kila aliyetumiwa meseji na baadaye akalipa, wanasema meseji ndiyo iliyomrudisha. Lakini wapo ambao wangerudi wenyewe, mshahara ukiingia au wakitulia nyumbani jioni. Kuwajua hao, inabidi uwaache wengine bila meseji kabisa. Mimi natumia tarakimu ya mwisho ya namba ya simu: wanaoishia na 0 au 5 hawatumiwi chochote. Mteja mwenye vikapu vitatu hubaki kundi lilelile.

Tuseme vikapu ni 1,000. Waliotumiwa ni 800, na ndani ya siku 7 wamelipa 120, yaani asilimia 15. Wasiotumiwa ni 200, wamelipa 22, asilimia 11. Meseji zimeongeza pointi 4 za asilimia tu:

```
(120/800 - 22/200) * 800 = 32
```

Oda 32, si 120. Na "kulipa" hapa ni pesa iliyothibitishwa. Oda ya kulipia mlangoni haiingii mpaka mteja apokee mzigo na kulipa. Kama meseji ilikuwa na punguzo, litoe pia kwenye faida, ukikumbuka kwamba hata wale ambao wangerudi wenyewe wamelichukua.

Hata hizo 32 nisingemkabidhi mwenye duka kama jibu. Katika kundi dogo la watu 200, wangelipa 8 zaidi tu, nalo lingefika asilimia 15 na tofauti yote ingeyeyuka. Ningeliacha kundi hilo bila meseji kwa miezi mingine kadhaa, nikijumlisha vikapu vipya kila wiki, mpaka watu wanane wasiweze kupindua hesabu.