Manjano makali ya mtoto mchanga na sikio linalopokea sauti bila kuifikisha

Zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa hupata manjano katika wiki ya kwanza, na wengi wao hupona bila tiba yoyote. Rangi hiyo, ambayo haihusiani hata kidogo na homa ya manjano inayoenezwa na mbu, hutokana na bilirubini, yaani mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizovunjwavunjwa, ambayo ini changa la mtoto bado halijaweza kuyaondoa kwa kasi inayotakiwa. Manjano huitwa makali pale bilirubini inapopanda kiasi cha kutishia ubongo, na sehemu ya ubongo inayoathirika mapema kuliko nyingi ni njia ya kusikia.

Kwa kawaida bilirubini husafiri katika damu ikiwa imeshikwa na protini iitwayo albumini, na ikiwa imeshikwa hivyo haiwezi kupenya hadi kwenye ubongo. Ile inayobaki huru ndiyo hupenya. Kwa sababu hiyo kipimo kilekile cha damu chaweza kuwa salama kwa mtoto aliyetimiza miezi yake na kikawa cha hatari kwa njiti au kwa mtoto mwenye maambukizi ya damu, kwa kuwa albumini ya hawa ni chache au haishiki vizuri. Ikishapenya, bilirubini huiumiza neva ya kusikia pamoja na vituo vya shina la ubongo vinavyopokea ishara zake, lakini seli za vinyweleo zilizo ndani ya sikio, ambazo kazi yake ni kuipokea sauti yenyewe, mara nyingi huziacha zikiwa nzima.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kufikirika ambaye mama yake ni wa kundi la damu O naye ni wa kundi A. Kingamwili za mama zilizovuka kondo la nyuma huvunja chembe za damu za mtoto, na rangi ya njano huonekana kabla ya saa 24 kutimia, jambo ambalo peke yake linatosha kumpeleka hospitali. Kwenye ngozi nyeusi ni rahisi kutoiona. Hutazamwa kwenye fizi, weupe wa macho na nyayo. Familia humwanika juani asubuhi, kama wengi wetu tulivyoshauriwa, na siku zinapita. Siku ya nne amekuwa mzito wa usingizi na ameacha kunyonya, na damu inaonyesha mikromoli 480 kwa lita. Anawekwa chini ya taa za mwanga wa buluu, kisha anabadilishiwa damu, na anarudi nyumbani akiwa na uhai wake.

Akiwa na wiki sita anapimwa masikio kwa kifaa kidogo kinachopachikwa tunduni, ambacho husikiliza mwangwi unaotolewa na seli za vinyweleo, na anafaulu. Hapo ndipo kosa linapofanyika, kwa maana kipimo hicho kimeliuliza sikio tu, hakikuuliza kilichofika ubongoni. Kipimo kinachofaa kwa mtoto huyu ni kile cha waya zinazobandikwa kichwani ili kuandika mawimbi ya umeme ya neva na shina la ubongo kila sauti inapotolewa. Kwake mawimbi hayo yatakosekana au yatakuwa yamevurugika. Hali hiyo, ya sikio zima na njia mbovu, ndiyo wataalamu huiita nyuropathia ya usikivu. Nyumbani itaonekana kwa namna ya kutatanisha: leo anashtuka mlango ukibamizwa, kesho haitiki akiitwa jina, na penye kelele anapotea kabisa. Anasikia kuwa kuna sauti, ila hazipambanui, kwa sababu ishara hazifiki kwa wakati mmoja. Kifaa cha kukuza sauti humsaidia mtoto mmoja na kisimsaidie mwingine, kwani kuongeza sauti iliyovurugika hakuinyooshi.

Magonjwa mengine ya siku za mwanzo hupiga mahali pengine. Dawa ya jentamisini, inayookoa wachanga wengi wenye maambukizi ya damu, huua seli za vinyweleo zenyewe inapozidi kipimo au muda, hivyo kipimo cha mwangwi huweza kuunasa uharibifu huo. Homa ya uti wa mgongo itokanayo na bakteria nayo huingia ndani ya koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani zilimo seli hizo, ambayo baadaye huweza kujaa mfupa katika muda wa wiki au miezi michache, na ikishajaa ni vigumu kupitisha nyaya za koklea bandia, kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji ili kuiamsha neva ya kusikia moja kwa moja; ndiyo maana huko upasuaji huharakishwa.

Kwa nyuropathia ya manjano, kinyume chake, madaktari hawakimbilii upasuaji huo. Kwa baadhi ya watoto mawimbi hurejea yenyewe katika miezi ya mwanzo, hivyo kipimo hurudiwa mara kadhaa, huku ikitazamwa kama mtoto anageukia sauti na kuanza kubwabwaja, kabla ya kuamua lolote.